Lala

Likizo ya mwisho wa mwaka wa pili nilirudi kijijini kwetu, ndani kidogo ya barabara ya Masaka, nikiwa na kazi ya darasa ambayo hata sikuwa nimeianza. Mwalimu wetu wa fonolojia alikuwa ametutaka kila mmoja achague swali moja kuhusu sauti na maana. Wenzangu walichagua tanakali za sauti, majina ya ndege na nyimbo za watoto. Mimi nilichagua matusi. Darasa zima lilicheka, mwalimu akasema, "Sawa, lakini ulete ushahidi, usilete matusi matupu."

Hoja yangu nilikuwa nayo tayari kichwani. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba matusi ya lugha nyingi ni mafupi na yana konsonanti ngumu, kama vile hasira yenyewe imechagua sauti zake. Mfano unaotajwa kila mara ni Kiingereza, ambacho matusi yake maarufu ya herufi nne hufungwa kwa k au t, kama mlango unaobamizwa. Nilitaka kuonyesha kwamba Kiswahili nacho ni hivyo hivyo. Nilidhani kazi itaniisha kwa siku mbili.

Siku ya tatu nyumbani, jioni, dada yangu alikwenda kuchota maji akaniachia mwanawe wa miezi minane. Mtoto alilia. Nikamchukua begani, nikatembea naye uani huku nikimbembeleza kwa lugha niliyokuwa nikiisoma: "Lala, mwanangu, lala. Lala, lala." Jjajja, bibi yetu mzaa mama, alikuwa amekaa mkekani akimenya matoke. Kisu kilisimama. Akasema kwa Luganda, bila kupaza sauti, "Mjukuu wangu, lugha hiyo usimwambie mtoto. Na neno hilo usiliseme katika nyumba hii."

Sikuelewa. Nilimwambia kwamba lala maana yake ni kulala tu, kwamba mama wote wa pwani humbembeleza mtoto kwa neno hilo. Akajibu, "Najua maana yake. Mimi nililijua kabla yako."

Habari yenyewe aliniambia usiku, baada ya chakula. Katika miaka ya sabini, akiwa kijana mwenye mtoto mgongoni, basi alilopanda kwenda Kampala lilisimamishwa na watu wenye bunduki. Waliwateremsha abiria wote, wakapiga kelele, "Lala chini! Lala!" Jjajja hakujua neno hata moja la Kiswahili. Katika Luganda, lala ni shina la neno lenye maana ya "mwingine". Alibaki amesimama akifikiri wanamwita mwingine. Alipigwa begani kwa kitako cha bunduki, akaanguka na mtoto mgongoni. Hivyo ndivyo alivyofundishwa maana ya lala.

Nilipolala usiku huo hoja yangu ilikuwa imevunjika, ingawa sikutaka kukubali. Nilikuwa nimekuja kuthibitisha kwamba neno kali hukaa katika sauti kali. Na hapa kulikuwa na mtu anayetetemeka kwa neno lenye sauti laini kuliko karibu maneno yote ya Kiswahili.

Msomaji wangu, kabla ya kuendelea, weka kiganja chako mbele ya mdomo. Sema pa. Utahisi pumzi ikikupiga. Sema la. Hutahisi karibu chochote. Katika p, t na k hewa inafungiwa kabisa, ama kwa midomo, ama kwa ncha ya ulimi, ama kwa nyuma ya ulimi. Kwa kitambo kidogo hakuna sauti, shinikizo linajengeka nyuma ya kizuizi, kisha hewa inapasuka. Ndiyo maana tunaziita vipasuo. Katika l hewa haizuiwi, inapita pembeni mwa ulimi huku sauti ya koo ikiendelea bila kukatika. Katika w na y inapita hata kwa urahisi zaidi, ndiyo sababu vitabu vyetu vinaziita viyeyusho. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba vipasuo vinafanana na pigo hasemi jambo la kubuni. Pigo nalo lina kimya, kisha mshtuko. Na neno lala halina kimya wala mshtuko. Ni l mbili na irabu a mbili.

Wazo kwamba sauti inaweza kufanana na maana limebishaniwa muda mrefu. Mihadhara ya Ferdinand de Saussure, iliyochapishwa mwaka 1916 baada ya kifo chake, ilifundisha kwamba uhusiano wa sauti na maana ni wa kinasibu: hakuna kitu ndani ya sauti za neno mti kinachofanana na mti. Mwaka 1929 Wolfgang Köhler aliandika juu ya michoro miwili, mmoja wa pembe kali na mwingine wa mviringo, na maneno mawili ya kubuni. Lipi ni jina la mchoro upi? Maneno yenyewe yalikuwa takete na baluba. Watu wengi hulipa jina takete umbo la pembe kali. Baadaye Köhler alibadili baluba kuwa maluma.

Nilipolieleza jambo hilo darasani, mwenzetu anayetoka Lubumbashi aliinua mkono. "Baluba ni sisi," alisema. "Kwa hiyo mimi ni mviringo?" Tulicheka sana, lakini baadaye nililifikiria. Kwa msomaji wa Ulaya, baluba lilikuwa sauti tupu, chombo safi. Kwa mwenzetu halikuwa tupu hata kidogo. Ndani yake mlikuwa na mama yake, wajomba zake na kijiji chao. Ukitaka kupima sauti peke yake, lazima umpate mtu ambaye neno hilo halijawahi kumgusa.

Na hivyo ndivyo walivyofanya watafiti wawili ambao kazi yao inahusu swali langu moja kwa moja. Shiri Lev-Ari na Ryan McKay, wa chuo cha Royal Holloway cha Chuo Kikuu cha London, walichapisha utafiti wao mwaka 2022. Kwanza waliwaomba wasemaji wa lugha tano zisizo na undugu wa karibu, yaani Kiebrania, Kihindi, Kihungaria, Kikorea na Kirusi, wataje matusi makali ya lugha zao. Kisha wakayalinganisha na maneno ya kawaida ya lugha hizo hizo. Walichokiona si kile nilichokuwa nimekisoma mwanzoni. Jambo lililojitokeza halikuwa kwamba matusi yamejaa vipasuo. Jambo lililojitokeza ni kwamba matusi yana upungufu wa sauti za kuteleza: l, r, w na y.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ukiitazama vizuri inabadili swali. Si kwamba hasira inatafuta k. Ni kwamba hasira inaikwepa l. Neno linaweza kuwa na m, na s, na f, likafaa kuwa tusi, mradi halina kitu cha kulainisha njia.

Baada ya hapo walifanya jaribio la pili. Walichukua maneno ya lugha ambazo washiriki hawazijui, wakabadili sauti moja. Kwa mfano, kutoka neno la Kialbania zog, lenye maana ya ndege, walitengeneza yog kwa upande mmoja na tsog kwa upande mwingine. Washiriki 215, wasemaji wa Kiarabu, Kichina, Kifini, Kifaransa, Kijerumani na Kihispania, waliambiwa kwamba moja katika kila jozi ni tusi, wakatakiwa wakisie ni lipi. Walilichagua neno lisilo na sauti ya kuteleza mara 63 katika kila 100.

Hapa nilisimama kwa muda mrefu. Mtu akirusha sarafu atapata kama 50. Hawa walipata 63. Kwa hiyo kitu kipo, tena kipo kwa watu wa lugha sita tofauti, na si cha kupuuzwa. Lakini tazama pia zile 37 zilizobaki. Zaidi ya mara moja katika kila tatu, watu walisikia tusi katika neno laini. Sauti inainamisha mizani kidogo. Haiamui kesi.

Nilirudi kwenye daftari langu la Kiswahili nikiwa na adabu zaidi. Nilikuwa nimeandika matusi kumi na mawili ambayo ningeweza kuyaonyesha kwa mwalimu, nikiyaacha kando yale ya nguoni: mjinga, mpumbavu, mshenzi, mbwa, punda, nguruwe, fala, bwege, zuzu, kenge, takataka na baradhuli. Nikatafuta l, w na y. R niliiacha, kwa sababu r ya Kiswahili hugongesha ncha ya ulimi, haitelezi kama r ya Kiingereza. Matano yalikuwa nazo: mbwa, nguruwe, fala, bwege na baradhuli. Saba hayakuwa nazo. Nikafurahi kidogo. Kisha, kwa haki, nikaandika maneno kumi na mawili ya upole: mama, baba, dada, mpenzi, rafiki, mwanangu, karibu, asante, salama, pole, shikamoo na lala. Manne tu yalikuwa na sauti za kuteleza: mwanangu, salama, pole na lala. Maneno yangu ya upole yalikuwa na sauti laini chache kuliko matusi yangu!

Nilitaka kuibadilisha orodha. Nikaondoa shikamoo, nikaweka wewe. Nikaondoa mbwa. Ndipo nikagundua ninachokifanya: nilikuwa nikichagua mashahidi watakaosema ninachotaka kusikia. Orodha ya mtu mmoja anayejua anachokitafuta haithibitishi kitu. Ndiyo maana watafiti wale waliwaomba watu wengine wataje matusi, na ndiyo maana waliyalinganisha na maneno ya kawaida ya lugha ile ile. Kwa Kiswahili jambo hili lina ugumu wake pia. L na w zimejaa katika sarufi yetu: zimo katika -li- ya wakati uliopita, katika wa-, katika -liwa na -lea. Mtu atakayefanya utafiti huu sawasawa inabidi ahesabu mashina, sio maneno yenye viambishi, la sivyo atakuwa anahesabu sarufi akidhani anahesabu hasira.

Lakini kulikuwa na kitu kingine katika daftari kilichonivutia zaidi ya hesabu. Kiswahili hakiwezi kutukana kama Kiingereza hata kikitaka. Silabi zetu huishia kwa irabu. Neno la kigeni likiingia kwetu tunaliwekea irabu mwishoni: benki, soksi, blanketi. Ule mlango unaobamizwa kwa k mwishoni mwa neno, sisi hatuna. Sasa Mswahili aliyekasirika hupiga wapi?

Jibu moja nililipata katika somo ambalo kila mwanafunzi wa sekondari amelifanya, la nomino katika ukubwa na udogo. Mdomo katika ukubwa ni domo. Mguu ni guu. Mkono ni kono. Nyoka ni joka, mtu ni jitu, mbwa ni jibwa. Shuleni tunaambiwa kwamba hiyo ni hali ya ukubwa. Mitaani tunasikia inavyotumika: "Funga domo lako!" "Toa guu lako hapa!" Anayesema hivyo hapimi urefu wa mguu. Anatukana, tena bila kutumia tusi hata moja.

Tazama kinachotokea kwenye sauti. Mdomo huanza na m, sauti ambayo hewa yake hupita puani na kuvuma kwa utulivu. Ukiiondoa m, d inabaki mbele peke yake. Ni kama kuondoa mto uliokuwa juu ya jiwe. Vivyo hivyo kwa guu na kono. Na nyoka, ambaye huanza na sauti ya puani, anarudi akiwa joka. Kiswahili hakibamizi mlango mwishoni mwa neno, huung'oa mwanzoni.

Nilipenda sana maelezo hayo, na kwa siku moja niliamini nimeiokoa hoja yangu. Kisha nikakumbuka jumba. Jumba linatoka katika nyumba kwa njia ile ile, ny inaondoka na j inakuja, na hakuna anayetukanwa kwa kuambiwa ana jumba. Anasifiwa. Toto nalo laweza kuwa dharau au mapenzi. Tena walimu wetu wa fonetiki hutukumbusha kwamba b, d, j na g za wasemaji wengi wa pwani huvuta hewa ndani kidogo badala ya kuisukuma nje, kwa hiyo d ya domo si kali kama t ya takataka. Umbo la neno linaeleza ukubwa. Dharau inaletwa na anayesema, na anamwambia nani, na kwa nini. Sauti inafungua njia tu, na wengine wanapita hapo wakiwa na sifa badala ya matusi.

Na Waswahili wana dharau moja isiyohitaji konsonanti hata moja: msonyo. Mtu hubana midomo na kuvuta hewa kupitia meno, taratibu, kwa muda mrefu kadiri anavyotaka. Si mfupi, haupasuki, na bado hakuna anayekosea maana yake. Nani anayeweza kusema kwamba hasira lazima iwe fupi, kama amewahi kusonywa na shangazi yake?

Kuna jaribio jingine ambalo lilinisaidia kuona mpaka wa sauti uko wapi. Richard Stephens na wenzake wa Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza, walionyesha mwaka 2009 kwamba mtu aliyetia mkono katika maji ya barafu huvumilia kwa muda mrefu zaidi akiwa anarudia tusi kuliko akiwa anarudia neno la kawaida. Mwaka 2020 Stephens na Olly Robertson waliuliza swali la pili: je, nguvu hiyo imo katika sauti? Walitumia maneno mawili ya kubuni yaliyotungwa yawe kama matusi mapya, wakayalinganisha na tusi halisi la Kiingereza. Tusi halisi liliongeza uvumilivu kwa karibu theluthi moja. Matusi ya kubuni hayakuongeza kitu. Watu waliona kwamba maneno yale mapya yanachekesha, yanafaa, lakini mkono ulitoka majini mapema vile vile. Nguvu ya tusi hainunuliwi dukani ikiwa mpya. Inawekwa ndani ya neno na maisha, pengine tangu utotoni, siku mtoto alipolisema neno hilo na kuona nyuso za wakubwa zikibadilika.

Nilipofika hapo ndipo nilipoanza kuielewa lala ya Jjajja. Lakini bado jambo moja lilinisumbua. Kama sauti zina mwelekeo wake, ingawa mdogo, basi watu wale wenye bunduki walifanyaje hata neno laini kama lile likawa pigo?

Niliporudi chuoni nilijirekodi katika maabara ya lugha kwa programu ya Praat, ambayo humwonyesha mtu mawimbi ya sauti kwenye skrini. Kwanza nilisema lala kama nilivyomwambia mtoto. Kisha nilifunga mlango, nikaona haya kidogo, nikalipiga kelele kama amri. Picha mbili hizo sitazisahau. Lala ya mtoto ilipanda polepole kama kilima cha kwetu na kuteremka polepole, ikachukua zaidi ya sekunde moja. Lala ya amri haikufika nusu sekunde. Ilisimama wima kama ukuta, na mwisho wake ulikatwa ghafla. Nilirudia kusikiliza mwisho huo mara nyingi. Irabu a haikufifia. Koo langu lilikuwa limejifunga lenyewe, kwa nguvu, baada ya ile a ya mwisho, bila mimi kujua.

Kufunga hewa ghafla ndicho kipasuo chenyewe, safari hii kilitengenezwa kooni. Neno halikunipa sauti ngumu, nami nikaitengeneza. Jaribu mwenyewe uone: sema "Toka!" kwa hasira, halafu "Toka" kama unasoma kamusi. Hasira haingoji konsonanti za lugha. Ikikuta neno lisilo na mlango, huleta mlango wake.

Kwa hiyo hiki ndicho nilichoweza kukiandika katika kazi yangu. Sauti ngumu, au tuseme ukosefu wa sauti laini, hulifanya neno liwe tayari kidogo kuwa tusi, na hilo linaonekana katika lugha nyingi. Sauti ya msemaji, kwa ufupi wake na kukatwa kwake, hufanya zaidi ya hapo, na inaweza kuligeuza neno lolote. Lakini kinachobaki baada ya kelele kuisha, kinachomfanya mwanamke wa miaka zaidi ya sabini asimamishe kisu katikati ya kumenya ndizi kwa sababu mjukuu anabembeleza mtoto kwa upole, si konsonanti wala sauti ya msemaji. Sauti yangu ilikuwa ya kilima, si ya ukuta. Neno lilikuwa limekwisha kupigwa mhuri.

Jambo hili si la Jjajja peke yake, ndiyo maana nimeona niliandike. Wenzetu wa Tanzania na Kenya hushangaa wakisikia kwamba kwa Waganda wengi Kiswahili ni lugha kali. Kwao ni lugha ya mashairi na taarabu. Kwetu kilikuja kwa njia nyingine. Kilikuwa lugha ya jeshi la Keya wakati wa ukoloni, kikabaki lugha ya askari baada ya uhuru, na mwaka 1973 serikali ya kijeshi ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa kwa amri. Watu wengi wa rika la Jjajja walikisikia kwa mara ya kwanza kikiwa katika hali ya kuamuru: simama, fungua, toa, lala. Wanasema, "Kiswahili ni kigumu masikioni." Mtu akipima sauti atakuta ni kinyume. Luganda ndicho chenye konsonanti zinazobanwa maradufu mwanzoni mwa neno, na Kiswahili hakina kitu kama hicho. Tunabana mwanzo tunaposema ttaka, udongo. Tunabana tunaposema ssebo na nnyabo, yaani bwana na bibi, ambayo ni maneno yetu ya heshima kabisa. Na neno jjajja lenyewe huanza kwa kubana ulimi hivyo hivyo. Ukilipima kwa sauti peke yake, utasema ni neno la kugombana. Mimi nikilisema, nasikia harufu ya moshi wa jikoni kwake.

Mwezi ujao naanza mazoezi ya kufundisha katika shule ya msingi isiyo mbali na kwetu. Mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua Kiswahili kifundishwe shuleni kwa lazima, na walimu ni wachache, kwa hiyo tunatumwa mapema. Nimepewa mwongozo wa somo la kwanza. Ukurasa wa kwanza ni wa amri za darasani: simama, kaa, nyamaza, funga mlango. Ni jambo la kawaida katika kufundisha lugha, kwa sababu amri ni fupi na mtoto huonyesha kwa mwili kwamba ameelewa. Lakini nimeupeleka ukurasa huo nyuma, hadi wiki ya nne. Watoto hawa wana bibi nyumbani. Jioni watarudi wakipiga kelele maneno ya siku hiyo uani, na sitaki bibi wa mtu asikie "Simama!" ikiwa neno la kwanza la Kiswahili kuingia nyumbani kwake baada ya miaka hamsini. Nitaanza na salamu, na pole.

Pole nimeichukua kwa Jjajja mwenyewe. Kabla sijaondoka kijijini nilimuuliza kama kuna neno jingine la Kiswahili analolijua. Alifikiri. Mji wa Masaka ulitekwa Februari 1979 na jeshi la Tanzania, na sehemu kubwa ya majengo yake ikaharibiwa. Siku chache baadaye yeye na mumewe walikwenda kutafuta ndugu zao. Askari mmoja Mtanzania, kijana kabisa, alimkuta ameketi juu ya matofali akilia. Jjajja alipomwona na bunduki, na kusikia lugha ile, alianza kujilaza chini mwenyewe bila kuamriwa. Kijana akamshika mkono, akamwinua, akasema, "Pole, mama. Pole sana." Neno hilo Jjajja hakulijua. Lakini anasema siku ile hakuhitaji kupigwa ili alielewe.

Nilipomwambia kwamba pole na lala zina l ile ile, ulimi unakaa mahali pale pale na hewa inapita pembeni vile vile, alinitazama kama mtu anayemsikiliza mtoto aliyesoma sana. "Basi andika hivyo katika kitabu chako," alisema. "Lakini mtoto akilia hapa, mwambie weebake."

Ndivyo ninavyomwambia.